Kikaango Kitupu

Sikupika chochote siku ile. Hivyo ndivyo nilivyomwambia daktari wa mifugo, na mwenyewe nikajiambia mara mia nikiwa nimejifunika blanketi mbili, meno yanagongana. Sikupika hata yai. Na nilikuwa nasema kweli kabisa, ndiyo maana jambo lenyewe lilitushinda akili wote.

Nianze na ndege. Marehemu kaka yangu alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, akampa jina la Msimamizi, kwa sababu tangu siku ya kwanza yule ndege alikaa juu ya kijiti chake akitutazama kama watu waliochelewa kazini. Kaka hakumfundisha kusema. Ndege alijichukulia mwenyewe yale maneno aliyoyasikia kwa kaka kila siku, na yalikuwa mawili tu. La kwanza lilikuwa la kumwambia wifi yangu: "Mke wangu, umekula?" La pili lilikuwa la kuniambia mimi: "Kibiriti, umezima jiko?"

Kibiriti ndiyo mimi. Kaka alinibandika jina hilo tukiwa watoto kwa sababu ya hasira zangu, na sikumruhusu mtu mwingine yeyote aniite hivyo, hata mume niliyekuwa naye zamani. Hilo la jiko ni hivi. Nilipostaafu nikahamia kwa kaka na wifi, kwenye nyumba yao ya vyumba viwili na sebule iliyoungana na jiko. Wiki ya kwanza nikatoka kwenda dukani nikasahau maharage motoni. Nimerudi nakuta moshi mpaka kwenye ngazi, sufuria imekuwa mkaa. Mimi, mpishi wa miaka ishirini na saba! Kaka alicheka hadi akakaa chini. Toka siku hiyo nikishika tu kitasa cha mlango, yeye huyo na swali lake.

Alifariki mwaka juzi. Kasuku akabaki na sauti. Nasema sauti, simaanishi mwigo wa kuchekesha watoto. Ilikuwa sauti ya kaka yenyewe, pamoja na kale kakohozi kake ka kusafisha koo kabla ya kusema. Jioni, wifi akikaa mezani, unasikia "khm", halafu, "Mke wangu, umekula?" Na wifi anajibu kwa upole kabisa, "Nimekula, mume wangu." Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa kwa majonzi. Baada ya miezi miwili nami nilikuwa nasimama mlangoni na kikapu changu nasema, "Nimezima, kaka." Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na alikuwa hapendi kabisa mambo ya kujirekodi.

Sasa wifi akapata mjukuu wa kwanza, akaitwa akamsaidie bintiye kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliniachia Msimamizi kama anavyoachiwa mtu mtoto mchanga. Maji yabadilishwe mara mbili. Asipewe chumvi, asipewe chokoleti, na parachichi usithubutu, wifi, parachichi linaua ndege. Karatasi ya chini ya tundu ibadilishwe kila siku. Na kila saa kumi alasiri atapiga simu, nimwekee ndege simu karibu wasalimiane.

"Wifi," nikamwambia, "nenda salama. Nimelisha wanafunzi mia nne kwa siku, nitashindwa na kasuku mmoja?"

Akacheka, akatoa boksi kwenye mfuko wake wa safari. Ndani kulikuwa na kikaango kipya, chepesi, cheusi ndani kama lami, mpini wa mpira. Vile vikaango ambavyo chakula hakigandi. "Hiki chako," akasema. "Mayai yanateleza yenyewe. Uache kugombana na lile lichuma lako."

Lichuma langu! Kikaango changu cha chuma nilitoka nacho bwaloni chuoni siku ya kustaafu, walinipa pamoja na cheti. Kina uzito wa mtoto wa miezi sita. Lakini zawadi ni zawadi. Nikashukuru, nikakiweka rafuni, na kwa siku mbili sikukigusa.

Jumatano asubuhi jirani yetu akabisha hodi. Ni fundi cherehani, chumba chake kimepakana na sebule yetu, na ukutani kwa juu kuna matundu ya hewa tunayochangia. Mtu mpole, anasema kama anaomba radhi. "Dada," akasema, "leo napiga dawa ya mende. Fungeni madirisha ya upande huu, na yule ndege msogeze mbali."

Nikamwambia asante, nikafanya kama alivyosema na nikazidisha. Nilifunga madirisha yote, nikaziba yale matundu ya ukutani kwa matambara, nikambeba Msimamizi na tundu lake kutoka dirishani sebuleni hadi juu ya meza ya jikoni, mbali na ukuta wa fundi. Nilijiona mwerevu sana. Nikabadilisha na karatasi ya chini. Magazeti yalikuwa yamekwisha, nikafungua boksi la kikaango, nikakuta karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, maandishi madogo madogo ya lugha sita. Nikaitandika. Ilitosha tundu lote kama imepimwa.

Na kwa kuwa boksi limeshafunguliwa, nikasema basi leo nikichome hiki kikaango, jioni nikaangie mayai.

Kama hujawahi kufanya kazi na chuma, nikueleze. Kikaango kipya cha chuma hupikii hivi hivi. Unakiweka kitupu kwenye moto mkali, unakiacha kinakaa mpaka kinatoa moshi na kubadilika rangi. Ndipo unapaka mafuta kwa kitambaa, unakiunguza tena, mara tatu, mara nne. Mafuta yanashika yanakuwa ngozi, na baada ya hapo hata chapati hainati. Mpishi mkuu wa kwanza niliyefanya naye alikuwa anatuchapa vidole kwa mwiko tukikitoa kabla ya moshi. "Moshi kwanza!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Nimechoma vikaango vingi kuliko nguo nilizovaa, na sijaharibu hata kimoja.

Basi alasiri nikakiweka kwenye jiko la gesi, nikafungua moto wa mwisho, nikasubiri moshi.

Moshi haukuja. Dakika tatu, hamna. Dakika tano, hamna, ila kaharufu fulani ka ajabu, kama plastiki ya taa iliyopata joto. Nikajua ni dawa ya fundi hiyo inapenya. Nikaongeza tambara kwenye tundu la hewa, nikarudi. Kikaango kimekaa tu kinanitazama. Nikakiambia, wewe mkaidi eeh? Tutaona nani ataanza kuchoka.

Hapo simu ikalia. Saa kumi kamili, wifi. Nikaiweka simu karibu na tundu.

"Msimamizi! Hujambo?" wifi anaita kule.

Yule ndege akasafisha koo. "Khm. Kibiriti, umezima jiko?"

Tulicheka, mimi huku na yeye kule. "Nyamaza wewe," nikamwambia, "hujui kazi." Nikaenda na simu sebuleni nikasimuliwe habari za mtoto: uzito wake, pua ya nani, analia vipi. Tuliongea pengine dakika kumi. Nilipokata nikasikia kitu kimedondoka jikoni, puh, kama tambara lililolowa.

Msimamizi alikuwa chini ya tundu. Mdomo wazi, mkia unapanda unashuka kwa kila pumzi, macho yananitazama. Nilimtoa nikamshika mikononi. Nilimwita jina. Nilizima jiko, hilo nakumbuka, nikakimbia naye hadi mlangoni, nikashuka ngazi pekupeku, na nilipofika barabarani alikuwa ameshakuwa mzito kwa namna ambayo nimeshawahi kuiona. Nililia kwa sauti pale mbele ya duka la vocha, na wala sikuona aibu.

Sikutaka kuamini. Nikamfunga kwenye taulo, nikaenda naye kwa daktari wa mifugo mwenye duka la chakula cha kuku karibu na soko. Mtu wa makamo, buti za mpira, kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku wa mayai. Alimpokea kwa heshima. Akaniomba ruhusa, akampasua pale kwenye meza ya nyuma, mimi nimegeuka ukutani.

"Mama," akasema, "mapafu yamejaa damu na maji. Kavuta hewa mbaya. Nyumbani kulikuwa na nini? Moshi? Rangi? Dawa ya wadudu?"

"Dawa!" nikaruka. "Jirani kapiga dawa ya mende!"

Akakuna kidevu. "Inawezekana. Ila hawa wa dawa ya mende mara nyingi wanatetemeka kwanza, miguu inakakamaa. Umeona hivyo?"

"Hapana."

"Ulipika nini?"

"Sikupika chochote," nikasema. "Hata yai."

Akaandika kitu, akakifuta, akabaki anatazama karatasi yake. Alisema kweli hajui, lakini akipata wazo atanipigia. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Dalili hazikulingana? Shauri yake daktari, yeye ni wa ng'ombe.

Nilipanda zile ngazi natoa moto. Fundi alikuwa mlangoni kwake anampima mteja bega, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Nilimpasha! Nilimwita muuaji, mbele ya wateja watatu na mama wa ghorofa ya juu aliyekuwa anapita na ndoo. Nilimwambia amemuua kaka yangu mara ya pili. Yule mtu alifungua mdomo pini zikaanguka, akajaribu kusema neno, nikamkatiza. Akajaribu tena, nikabamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikadondoka.

Jioni ile ile nikashikwa na homa. Ilianza na baridi kwenye mgongo, halafu kifua kikabana kana kwamba nimefungwa kanga mbichi, kikohozi kikavu, viungo vyote vinauma. Nikajiambia, umeona? Hata mimi kaninywesha dawa yake. Nikalala hivyo hivyo, simu nimeigeuza kifudifudi.

Alhamisi saa nne asubuhi hodi ikapigwa. Nikafungua nikiwa na blanketi mabegani. Fundi cherehani, mkono mmoja chupa ya chai ya tangawizi, mkono mwingine kopo la dawa.

"Nimekusikia unakohoa," akasema. Akaninyooshea kopo. "Tazama, dada."

Nikatazama. Kile kikaratasi cha kuzuia kifuniko hakijakatwa. Kopo zima, halijafunguliwa.

"Sikupiga," akasema. "Kuku wangu alitotoa asubuhi ile ile, nikaona nitaua vifaranga. Nikaahirisha. Nilitaka kukwambia jana."

Alinichukua nikaone. Chini ya cherehani, kwenye boksi la vitambaa, kuku mwekundu amekaa, vifaranga tisa wanachungulia kutoka mbawani mwake. Wote wazima, wanapiga kelele. Nilisimama pale nimeshika chai yake. Kama hakuna dawa, ile harufu ilikuwa ya nini? Na mimi mbona naumwa? Tumevuta nini, mimi na Msimamizi, ambacho fundi na vifaranga vyake hawakukivuta?

"Nisamehe," nikamwambia. Yaani lilitoka kama mfupa kooni.

"Ulikuwa na uchungu," akasema, akarudi kwenye suruali yake.

Siku ile kichwa changu kilikuwa soko. Nikahesabu alichokula ndege: alizeti, kipande cha embe. Nikafikiria parachichi, lakini halikuingia nyumbani. Nikafikiria maji. Nikafikiria hata kwamba kaka amekuja kumchukua ndege wake. Na mimi si mtu wa mambo hayo, lakini homa ikikupanda unafikiria kila kitu. Gesi inavuja? Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye mtungi. Hakuna hata bubujiko moja. Kikaango chenyewe kilikuwa pale pale juu ya jiko, kimefubaa katikati, kimepata baka la kikahawia. Nikakiona nikapita. Kisicho na kitu ndani kingemdhuru nani?

Saa kumi wifi akapiga. Nikaitazama simu inalia. Nikapokea.

"Nipe Msimamizi nimsalimie."

"Amelala," nikasema.

"Saa hizi?"

"Amechoka. Jana kacheza sana."

Kisha, "Na wewe mbona sauti imekauka?"

"Mafua tu, wifi."

Nilipokata nikakaa kitandani nikajiuliza, wewe mwanamke, umeanza lini kusema uongo? Maana hasira ninayo, tena tele, lakini mwongo sijawahi kuwa.

Ijumaa homa ilikuwa imetoka kama haikuwepo. Wifi angefika alasiri. Nikaamua angalau tundu asilikute chafu. Nikavuta trei ya chini, nikaanza kukwangua kinyesi na maganda ya alizeti, na ile karatasi ya boksi ikabaki na kijisehemu cheupe katikati, pale ambapo maandishi yalikuwa ya lugha yetu. Nilisoma kwa sababu macho yalikuwa hapo tu.

Usipashe kikaango kikiwa kitupu. Tumia moto mdogo au wa kati. Joto lisizidi nyuzi 260. Kikipata joto kupita kiasi, utando hutoa mvuke wenye madhara. Waondoe ndege jikoni unapopika.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikakaa sakafuni.

Nikampigia daktari wa mifugo. Nikamwambia: sikupika, lakini nilichoma kikaango kipya, kitupu, moto wa mwisho. Akasema, "Aa, mama!" kwa sauti ya mtu aliyepata ufunguo wake mfukoni.

"Nilikuuliza ulipika nini," akasema. "Nilikosea swali."

Alinieleza polepole. Kikaango kikiwa na chakula au maji, joto lina pa kwenda, linafanya kazi ya kupika. Mafuta nayo yakizidiwa yanatoa moshi mapema, yanakustua. Kikiwa kitupu hakuna cha kulipokea joto wala cha kukustua. Vile vikaango vyepesi, kwenye moto mkubwa, vinapita hizo nyuzi mia mbili sitini kwa dakika chache tu, na ukiviacha vinakwenda mia tatu, mia tatu hamsini na kuendelea. Hapo ule utando mweusi wenyewe unavunjika na kuwa mvuke ambao pengine huuoni kabisa. Mapafu ya ndege yananyonya hewa kwa nguvu kuliko yetu, ndiyo maana anakwenda kwa dakika. Mtu mzima anapata homa baada ya saa chache, baridi na kifua kubana, inaisha siku moja au mbili.

"Na kifua kikirudi kubana nenda hospitali," akasema. "Hicho kikaango kimeshaungua, kitupe. Lakini usiviogope vyote. Ukipikia moto wa wastani, kuna kitu ndani, dirisha wazi, havina neno."

"Lakini chuma tunachoma hivyo," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. "Miaka ishirini na saba."

"Chuma hakina utando, mama. Ngozi yake unaitengeneza wewe kwa kuunguza mafuta. Hiki ngozi yake kimekuja nayo kutoka kiwandani. Ukaiunguza."

Basi ndiyo hivyo. Nilisubiri moshi ambao kwa kikaango kile ulikuwa ndio hatari yenyewe, na nilifunga madirisha yote kwanza, na nikamweka ndege hatua mbili kutoka kwenye jiko, nikamtandikia onyo miguuni. Hata ukiniambia nipange makusudi nisingepanga vizuri namna ile.

Wifi alifika saa tisa. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi, kisha sauti yake na ya mama wa ndoo, wa ghorofa ya juu, halafu hatua zikaja mbio. Akafungua mlango na mfuko ungali begani, macho mekundu.

"Kweli fundi kamuua?" akaniuliza. "Yule mama kaniambia. Kweli, wifi? Kapiga dawa bila kutuambia?"

Nakuambia ukweli wangu wote: kwa muda wa kumeza mate, niliona njia. Jibu lilikuwa tayari limeshaandaliwa, na aliyemletea si mimi. Ningesema ndiyo, na wifi angebaki wangu. Sina nyumba nyingine, sina mtu mwingine. Fundi angekanusha, nani angemsikiliza? Walikuwa wameshanisikiliza mimi.

"Siyo fundi," nikasema. "Ni mimi."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Madirisha, meza ya jikoni, moto wa mwisho, karatasi. Nilimwonyesha karatasi yenyewe. Nikamwambia na "amelala" ilikuwa uongo. Wifi akakaa kwenye kiti cha kaka, mfuko bado begani, akaisoma, akaikunja mara nne kwenye mikunjo yake ile ile.

"Nilimsikia," akasema baadaye sana. "Kwenye simu. Alikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukamwambia anyamaze."

"Ndiyo, wifi."

Alitazama pale dirishani ambapo tundu lilikuwa. "Na kikaango nilikununulia mimi," akasema, kana kwamba anafanya hesabu ambayo haitoki. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango bila kishindo. Ningeshukuru kama angeubamiza.

Kabla ya jua kuzama nilikwenda kwa fundi, nikasubiri mpaka wateja wakajaa, tena nikamwita na yule mama wa ndoo. Nikasema mbele yao kwamba nilimzushia, kwamba ndege nilimuua mwenyewe kwa kikaango. Watu hawakuelewa kitu. Mmoja aliuliza, "Ulimpiga nacho?" Ikabidi nieleze tena tangu mwanzo, nyuzi joto na yote, na fundi ananivuta mkono ananiambia inatosha, dada, inatosha. Kikaango nikakitoboa kwa msumari asije mtu akakiokota akakipikia, nikakitupa.

Wifi hakunisemesha siku nane. Hakunifukuza, hakunitukana. Tulikula meza moja, tunapitishiana chumvi kwa vidole. Jioni, ikifika ile saa, alikuwa anaacha kutafuna kidogo, anasikiliza, halafu anaendelea. Mimi nilikuwa natazama sahani. Nilifungasha nguo zangu siku ya tano nikazifungua siku ya sita, maana sikujua niende wapi, na pia sikutaka aamke nyumba iwe kimya zaidi ya ilivyokuwa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Nilikaanga mayai kwenye lichuma langu, dirisha wazi, nikamwachia yake mezani nimeyafunika. Nikachukua kikapu niende sokoni. Chumbani kwake kulikuwa kimya. Nikashika kitasa.

Nikasikia mtu anasafisha koo. Khm.

Nilisimama.

"Kibiriti," wifi akasema nyuma ya mlango wake, sauti yake mwenyewe, nyembamba, inatetemeka kidogo kwenye lile jina ambalo hakuwahi kunitajia maishani. "Umezima jiko?"

Nilijua nimezima. Lakini niliweka kikapu chini, nikarudi jikoni, nikashika kila kitufe kwa mkono wangu, kimoja kimoja, ndipo nikajibu.

"Nimezima, wifi."